Tovuti ya kupima wasifu haihitaji jina la mama yako

Hapa Lubumbashi, anayetafuta kazi kwenye kampuni za migodi au za usafirishaji mara nyingi hutuma maombi kwa mtandao, na anaogopa kwamba kompyuta itamchuja kabla mtu hajamsoma. Ndiyo maana anakimbilia tovuti za bure zinazopokea wasifu na kuupa alama. Hofu hiyo ina msingi. Shida ni kile kinachopakiwa.

Wasifu wetu wa kawaida huanza na utambulisho mzima: jina kamili, jina la baba na la mama, tarehe na mahali pa kuzaliwa, ndoa, idadi ya watoto, teritwari na jimbo la asili, avenyu na namba ya nyumba, mara nyingine hata namba ya kadi ya mpiga kura. Juu kuna picha, chini kuna saini. Ni desturi ya zama za bahasha iliyopelekwa kwa mkono kwenye ofisi moja. Mtandaoni hujui nani anaipokea bahasha hiyo.

«Nikitoa vitu, alama yangu itashuka»

Haishuki kwa sababu hiyo. Kazi kubwa ya tovuti hizi ni kulinganisha maneno ya wasifu na maneno ya tangazo la kazi. Tangazo la mtunza ghala likitaja `gestion des stocks`, `inventaire` na `SAP`, tovuti inatafuta maneno hayo katika kazi ulizofanya. Inaangalia pia kama vichwa vya sehemu vinasomeka na kama miaka imepangwa. Jina la mama yako halimo katika hesabu hiyo. Tena alama ile ni makadirio ya tovuti yenyewe. Mwajiri haioni, na mfumo wake unaweza kupanga maombi kwa namna nyingine kabisa.

Zipo tovuti zinazokagua kama umeweka simu na barua pepe. Hizo zipe za kuigiza. Anwani zinazoishia na `example.com` zimetengwa kwa mifano tu, hazimfikii mtu yeyote. Mwanzo wa nakala ya kupimia unaweza kuwa hivi:

```
MTUNZA GHALA, Lubumbashi
Simu: +243 000 000 000
Barua pepe: jina@example.com
2019-2023: kampuni ya usafirishaji wa madini
```

Jina la mwajiri wa zamani nalibadilisha kuwa maelezo kwa makusudi. Katika mji ambao watu wa fani moja wanafahamiana, kampuni, cheo na miaka vikikaa pamoja vinatosha kumtambulisha mtu hata bila jina. Kazi alizofanya ziache zote, kwa sababu hizo ndizo zinazopimwa.

«Mimi sina kitu, nani atanitafuta?»

Hii ndiyo dhana inayoumiza zaidi, kwa sababu anayetafuta kazi ndiye anayesubiri simu kutoka namba asiyoijua.

Chukua mfano wa mtunza ghala anayeishi Katuba. Wasifu wake una namba ya simu, na namba hiyo hiyo ndiyo ya M-Pesa na ya WhatsApp. Una jina la msimamizi wake wa zamani, namba ya huyo msimamizi, na kazi anayoitafuta. Wasifu ukivuja au ukiuzwa, tapeli hana haja ya kubahatisha. Anapiga: «Jambo yaya, wasifu wako umepita. Tumeongea na msimamizi wako wa zamani, amekusifu sana. Bado ada ya uchunguzi wa afya tu, utume leo kwa namba hii.» Kila neno linaingia kwa sababu kila jina ni la kweli. Mtu makini kabisa anaweza kutuma.

Njia ya pili haihitaji hata pesa ya ada. Tapeli anaingiza namba yako kwenye WhatsApp ya simu yake, wewe unaletewa ujumbe wenye tarakimu 6, kisha anakupigia kama mtu wa ofisi ya ajira na kukuomba «namba ya kuthibitisha usaili». Ukimsomea, akaunti inahamia kwake, isipokuwa kama ulikuwa umeweka pini ya uthibitisho wa hatua mbili. Baada ya hapo anawaomba pesa ndugu zako kwa jina lako.

Na teritwari ya asili? Katanga tunajua historia yake. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa maelfu mengi, na wengi wao walikuwa wamezaliwa hapa hapa. Sioni sababu hata moja ya kuandika asili ya mtu kwenye tovuti ya kuhesabu maneno. Iondoe kwanza, pamoja na namba ya kadi, tarehe ya kuzaliwa, majina ya wazazi, picha na saini. Halafu toa wadhamini wote: namba zao si mali yako kuzigawa, na wao hawakuulizwa.

«Nimefunika kwa kisanduku cheusi»

Kisanduku kinazuia jicho tu. Ukikichora juu ya maandishi katika Word kisha ukahifadhi kama PDF, maandishi kwa kawaida yanabaki chini yake. Jaribu mwenyewe: fungua PDF, chagua mstari uliofunikwa, unakili, ubandike mahali pengine. Namba ikitokea, hata tovuti inaisoma. Rangi nyeupe juu ya karatasi nyeupe ni hivyo hivyo.

Faili la Word lina mengine yasiyoonekana kwenye ukurasa: jina la mwenye kompyuta, maoni ya pembeni, marekebisho yaliyofuatiliwa. Picha uliyoipunguza kingo inaweza bado kubeba sehemu ulizokata. Kwenye Word ya Kifaransa, ingia `Fichier`, kisha `Informations`, utafute `Inspecter le document`. Inasaidia, lakini haiwezi kujua kwamba mstari fulani ni jina la mama yako.

Kwa hiyo mimi napendelea njia fupi zaidi. Fungua wasifu, bonyeza `Ctrl+A`, `Ctrl+C`, fungua `Bloc-notes`, bonyeza `Ctrl+V`. Picha, saini iliyoskaniwa, maoni na jina la mwenye kompyuta vinabaki nyuma. Sasa futa mambo ya utambulisho kwa mkono, kisha utafute kwa `Ctrl+F` alama `@`, `243` na mwaka wako wa kuzaliwa. Tafuta pia jina lako, maana watu husahau kwamba limo hata katika jina la faili. Tovuti nyingi hukubali maandishi yaliyobandikwa. Kama yako inadai faili, anza faili jipya kutoka kwenye maandishi hayo.

Kuna faida nyingine. Kama safu mbili za wasifu wako zimechanganyika ndani ya `Bloc-notes`, au kisanduku cha ujuzi hakikunakiliwa kabisa, umepata dalili kwamba mpangilio wako unaweza kuusumbua mfumo wa mwajiri pia.

«Nitafuta baadaye»

Tovuti ikipokea faili, mara nyingi inachomoa jina, simu na kazi na kuvihifadhi kama wasifu wa mteja. Kufuta faili si lazima kufute vile vilivyochomolewa. Congo ina sheria ya Machi 2023, `Code du numérique`, inayolinda data binafsi, lakini kuidai dhidi ya tovuti isiyo na ofisi wala anwani ni kazi ngumu. Kabla ya kupakia, tafuta kwenye ukurasa wake wa faragha maneno `conservation`, `partenaires` na `tiers`. Yanaonyesha data inakaa muda gani na inapewa nani. Usipoona muda wala jina la kampuni, funga.

Wasifu kamili weka kando kwa mwajiri mwenyewe, nao uwe na jina, simu, barua pepe na mji. Namba ya kadi ya mpiga kura subiri kuitoa wakati wa mkataba, isipokuwa tangazo la mwajiri unayemjua limeidai waziwazi.