Hajivungi, amekukataa kwa adabu

Kijana ananifungulia simu nisome. Amemwalika binti chai Jumamosi, akajibiwa: "Asante kaka, wiki hii nimebanwa." Akarudia wiki iliyofuata: "Tutaona." Mara ya tatu: "Haya bwana," na kikatuni kinachocheka. Ananiambia anajivunga tu, ukikaza atakubali. Katika kazi yangu ya ushauri nasaha hakuna dhana inayonichosha kama hii.

Isome upya. Sababu imetolewa, siku nyingine haikutajwa. Kijana hajaulizwa swali hata moja, na majibu mawili ya mwisho ni mafupi kuliko la kwanza. Mwaka 1999 watafiti Kitzinger na Frith wa Uingereza walionyesha kwamba watu hukataa karibu kila mwaliko hivi, kwa kusita, kushukuru na kutoa udhuru, na msikilizaji huelewa. Kijana huyu akimkopa rafiki yake akaambiwa "tutaona," anajua hela hakuna. Kwa binti anajitia haelewi.

Wapo wanaonitajia utafiti wa Texas wa 1988, ambamo wanawake karibu 4 kati ya 10 walisema wamewahi kukataa tendo huku wakilitaka. Charlene Muehlenhard, aliyeuongoza, alirudi miaka kumi baadaye akawataka washiriki wengine wasimulie tukio lenyewe. Wengi hawakuwa wamelielewa swali: walitamani lakini hawakukusudia kufanya, au walibadili nia. Hapana yao ilikuwa hapana.

Anayechombeza kweli huonekana. Utani wako anaujibu kwa utani, na akikosa Jumamosi anataja Jumapili.

Kuhusu tabasamu: mwaka 1982 Antonia Abbey, huko Marekani, aliwakutanisha mwanamume na mwanamke kwa mazungumzo ya dakika 5 huku wengine wakitazama. Wanaume waliona utongozaji zaidi kwa mwanamke kuliko wanawake walivyouona. Dada wa mapokezi hotelini anatabasamu kwa sababu yuko kazini.

Macho nayo hutofautiana. Pwani yetu binti huinamisha macho kwa heshima au haya. Ulaya ya kaskazini kumtazama anayeongea ni usikivu tu. Jicho peke yake halikuambii kitu.

Na hata utani ukikolea pande zote mbili, haujaruhusu mkono kiunoni. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Kenya ya 2006, kifungu cha 42, inasema ridhaa ni kukubali kwa hiari, mtu akiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Uswidi tangu 2018 inataka ushiriki wa hiari, hivyo kutopinga hakutoshi. Aliyenyamaza muulize, na aliyelewa mpeleke kwao.

Kijana nilimwandikia ujumbe ambao angetuma tangu mwanzo: "Ningependa tunywe chai Jumamosi saa kumi. Usipopenda niambie tu, salamu zetu ziko palepale." Unatumwa mara moja. Isipokuja ndiyo, usiandike tena. Namba yako anayo.