"Yake" ya nani? Ufafanuzi kuhusu tasnifu zinazorudishwa kwa utata wa viwakilishi

Tangu mwongozo mpya wa uandishi wa tasnifu uanze kutumika katika chuo chetu hapa Iringa, wanafunzi wa shahada za uzamili wamekuwa wakipanga foleni kwenye dirisha la kitengo cha uhakiki na swali moja: kwa nini sura ya pili imerudishwa wakati msimamizi ameshaisaini? Baadhi wameandika barua za malalamiko, na mmojawapo amedai kwamba tunawachelewesha watu kwa sababu ya koma. Hatujawahi kurudisha tasnifu kwa sababu ya koma. Tunarudisha zile ambazo msomaji hawezi kujua nani amesema nini, au kipi kimesababisha kipi.

Karibu zote hurudishwa kwa ajili ya sura ya nadharia. Sura ya matokeo haisumbui sana, maana humo mna wakulima, vijiji, magunia na miti, na kila kimoja kinabeba kiambishi chake. Hapo ndipo linapozaliwa dai ninalolisikia kila wiki, kwamba Kiswahili kina ngeli, kwa hiyo hakiwezi kuwa na utata wa aina hii. Ukiandika "mkulima aliweka kitabu mezani kikaanguka", ni kweli, hakuna atakayeuliza kilichoanguka. Sasa hesabu maneno ya nadharia. Nadharia, dhana, hoja, jamii, historia, falsafa, itikadi na siasa yote yanachukua "i" katika umoja. Ubepari, ukoloni, ujamaa, utamaduni, uchumi, umiliki na utengano yote yanachukua "u". Aya nzima inaweza kujaa nomino za makundi hayo mawili tu, na hapo kiambishi hakitenganishi tena kitu na kitu.

Aya ifuatayo nimeitunga mwenyewe ili nisimwanike mtu, lakini kila kasoro iliyomo tumeikuta katika kazi halisi:

"Marx alimkosoa Hegel kwa sababu aliitazama historia kama mwendo wa fikra. Nadharia yake ya jamii, ambayo imejengwa juu ya mgongano wa matabaka, inatuonyesha utengano wa mfanyakazi na kazi yake. Utengano una uhusiano wa karibu na umiliki binafsi kwa sababu unatokana nao. Hii ni muhimu. Kwa kutumia mtazamo huo, wachuma chai wa Mufindi wanaonekana kukosa mamlaka juu ya kazi yao."

Sentensi ya kwanza: aliyeitazama historia kama mwendo wa fikra ni nani? Mwalimu wa falsafa atajibu haraka kwamba ni Hegel, kwa kuwa Marx aliuweka msingi wa historia katika uzalishaji wa mahitaji ya maisha. Sawa, lakini jibu hilo limetoka kichwani mwa mwalimu. Sentensi yenyewe haijalitoa, na mtahini hapimwi yeye, anapimwa mwanafunzi. Wengi tukiwarudishia sentensi hii huibadilisha kuwa "Marx alimkosoa Hegel kwa kuitazama historia kama mwendo wa fikra", wakidhani wamepona. Wameongeza ugonjwa. Mwanzoni kulikuwa angalau na "a" ya mtu mmoja kati ya wawili. Sasa "kuitazama" haina kiambishi cha nafsi kabisa, na Marx, akiwa kiima cha sentensi, anaelekea kubeba kosa analomlaumu mwenzake. Dawa ni kuigeuza sentensi: "Hegel aliitazama historia kama mwendo wa fikra, na kwa sababu hiyo Marx alimkosoa." Hakuna istilahi mpya iliyohitajika.

Sentensi ya pili ina "yake". Nawaomba wasimamizi waitazame kwa makini zaidi kuliko wanavyofanya sasa. Katika "nadharia yake", hiyo "y-" inapatana na nadharia, yaani kitu kinachomilikiwa. Haisemi lolote kuhusu mwenyewe. Mwenyewe anaweza kuwa Marx, Hegel, au hata falsafa iliyotajwa aya mbili nyuma, kwa kuwa "-ake" tunaitumia pia kwa vitu na mawazo. Kwa hiyo kimilikishi ndicho kiwakilishi kisichoaminika kuliko vyote katika aya yenye wanafalsafa wawili. Andika "nadharia ya Marx". Halafu kuna "ambayo". Kilichojengwa juu ya mgongano wa matabaka ni nadharia, au ni jamii? La kwanza ni dai kuhusu mbinu ya mwanafikra: ameyafanya matabaka kuwa nguzo ya maelezo yake. La pili ni dai kuhusu dunia: jamii zenyewe zimeundwa hivyo. Mtu anaweza kukubali la kwanza na kulikataa la pili bila kujipinga. Mwanafunzi aliyeandika "ambayo" hajachagua, na anapoulizwa siku ya utetezi ndipo anapoanza kuchagua mbele ya jopo.

Sentensi ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. "Utengano una uhusiano wa karibu na umiliki binafsi kwa sababu unatokana nao." Utengano ni "u", umiliki ni "u". Kinachotokana ni kipi, na kinatokana na kipi? Nimewahi kuisoma sentensi ya namna hii mbele ya mwanafunzi na msimamizi wake, wote wamekaa meza moja. Mwanafunzi alisema utengano ndio mtoto wa umiliki. Msimamizi alisema ni kinyume chake. Walikuwa wamefanya kazi pamoja juu ya sura ile, na kila mmoja alikuwa akisoma sura yake.

Hapa sarufi haiwezi kuamua, ni lazima kurudi kwenye maandishi. Katika miswada ya mwaka 1844 Marx anaandika kwamba umiliki binafsi ni tokeo la kazi iliyotengwa na mfanyakazi, ingawa unaonekana kama chanzo chake, na kwamba baadaye uhusiano huo unakuwa wa pande mbili, kila kimoja kikikizalisha kingine. Wengi wanaoandika "unatokana nao" wanakusudia kinyume, kwamba umiliki ulitangulia, na wamefika mpaka rasimu ya mwisho bila kugundua kwamba chanzo wanachokinukuu hakisemi hivyo. Kiwakilishi kiliwaficha. Ukilazimika kuandika nomino kamili, "umiliki binafsi unatokana na utengano wa mfanyakazi", mkono unasita, na unarudi kitabuni kuhakikisha. Kusita huko ndiko tunakokutafuta.

Wapo wanaopendekeza kubadilisha nomino moja ili ngeli zitofautiane, kwa mfano kuandika "hali ya kutengwa" ili ichukue "i" huku umiliki ukibaki na "u". Njia hii inafaa, kwa masharti. Ukianza na "utengano" na kuingiza "hali ya kutengwa" katikati, msomaji wa nadharia atadhani umeleta dhana ya pili. Chagua istilahi moja mapema na uitumie mpaka mwisho. Na hapa niseme wazi: ile kanuni ya shule ya msingi kwamba kurudia neno ni udhaifu wa lugha iachwe hukohuko kwenye insha za "Siku Nitakayoikumbuka". Katika sura ya nadharia, kurudia nomino mara nne katika aya si kosa na hakuna mtahini atakayekukata alama kwa hilo.

"Hii ni muhimu" haina mengi ya kueleza. "Hii" inahitaji nomino. Andika "dai hili", "uhusiano huu", au chochote unachokimaanisha. Ukishindwa kuipata nomino hiyo, futa sentensi.

Tufike kwenye kirai kinachoning'inia. "Kwa kutumia mtazamo huo, wachuma chai wa Mufindi wanaonekana kukosa mamlaka." Nani anautumia mtazamo? Jinsi sentensi ilivyosimama, ni wachuma chai, kana kwamba wanamsoma Marx huku wakiwa na makapu mgongoni. Chanzo cha tatizo ni "ku". Virai vya "kwa ku-", "baada ya ku-", "katika ku-" na "bila ku-" havibebi mtenda, hivyo vinamkopa aliye karibu. Umbo la "-ki-" ni tofauti, kwa kuwa linalazimika kuwa na kiambishi cha nafsi. "Tukiutumia mtazamo huo, wachuma chai wanaonekana kukosa mamlaka" ni sentensi salama, maana "tu" imeshasema watumiaji ni nani. Idara isiyoruhusu nafsi ya kwanza itaandika: "Kwa kutumia mtazamo huo, mtafiti anawaona wachuma chai kuwa watu wasio na mamlaka juu ya kazi yao."

Hata hivyo baadhi ya wasimamizi wamevuka mpaka na sasa wanapiga mstari mwekundu kwenye "data zilichambuliwa kwa kutumia mkabala wa kimaudhui". Hiyo haina kosa. Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa, mtenda aliyefichwa ni mtafiti, na ndiye huyohuyo aliyeutumia mkabala. Msiwasumbue watoto wa watu.

Baada ya marekebisho, aya inakuwa hivi: "Hegel aliitazama historia kama mwendo wa fikra, na kwa sababu hiyo Marx alimkosoa. Marx anaijenga nadharia yake juu ya mgongano wa matabaka. Kwa nadharia hiyo anaueleza utengano wa mfanyakazi na kazi. Kwa Marx, umiliki binafsi kwanza unatokana na utengano huo, kisha unauendeleza. Kwa kutumia mtazamo huu wa Marx, mtafiti anawaona wachuma chai wa Mufindi kuwa watu wasio na mamlaka juu ya kazi yao." Mtaona "yake" imebaki mara moja. Imebaki kwa kuwa katika sentensi ile hakuna mtu mwingine wa kuidai.

Sasa utaratibu. Tasnifu inayokutwa na utata huu kabla ya kwenda kwa watahini inarudishwa kwa mwanafunzi kupitia msimamizi, si moja kwa moja, na haihesabiwi kuwa imewasilishwa. Mwanafunzi anapoileta tena aambatanishe jedwali la masahihisho lenye safu nne: ukurasa, sentensi ya awali, sentensi mpya, na iwapo dai limebadilika au halikubadilika. Safu ya nne isiachwe wazi. Kama dai limebadilika, kama ilivyo kwa umiliki na utengano hapo juu, msimamizi anasaini tena sura nzima na mwanafunzi anahakiki sura ya uchambuzi kuona kama bado inalingana. Kama utata umegunduliwa na mtahini na unagusa hoja kuu, jopo linaweza kuuweka kwenye fungu la marekebisho makubwa, na hapo tarehe ya mahafali inaondoka mkononi mwetu.

Kazi iliyopelekwa kusafishwa lugha steshenari haisamehewi kwa sababu hiyo. Mhariri wa nje anaweza kuona kwamba "nao" ina wenyewe wawili, lakini hana mamlaka ya kuchagua mmoja. Akichagua, amekuandikia hoja, na hilo linaangukia kifungu cha udanganyifu wa kitaaluma, chenye adhabu zake. Mwambie aweke alama pembeni tu, kisha sentensi uiandike mwenyewe. Jedwali linapatikana dirishani kwetu siku za kazi, na nakala mbili zinatosha.