Macho ya bundi kwenye tezi ya shingo

Mimi ni daktari wa patholojia, siku nzima niko na hadubini naangalia vinyama mlivyokatwa huko wodini. Leo niwape kesi ya dogo mmoja wa miaka 23, bodaboda, alikuwa na uvimbe shingoni kushoto, juu tu ya mtulinga, hauumi, ukiubonyeza unarudi kama mpira. Jioni homa, usiku jasho mpaka anaamka kubadilisha shuka, na kilo zimetoka 62 mpaka 54 ndani ya miezi minne. Huku kwetu ukisikia hivyo unawaza TB kwanza, sawa kabisa, shida makohozi yalikuwa safi na bado akaanzishiwa dawa, kanywa miezi miwili tezi inazidi tu kukua.

Wakamchoma sindano kuvuta seli za uvimbe, majibu: limfosaiti za kawaida, yaani seli nyeupe za kinga. Hapo ndo wengi tunapigwa chenga! Hii limfoma ya Hodgkin, saratani ya tezi za kinga, ina tabia ya ajabu, seli zenyewe za saratani ni chache mno, mara nyingi hata asilimia moja ya uvimbe hazifiki, kilichobaki chote ni seli za kinga zilizoitwa hapo zikajaa, kwahiyo sindano inavuta hao wapita njia na mwenye nyumba humwoni. Mi nikaomba wamtoe tezi nzima.

Nilizunguka slaidi karibu dakika kumi ndo nikamwona: seli kubwa mara kadhaa kuliko jirani zake, nyukliasi mbili, viini vya seli, zimekaa sambamba, kila moja na kidoa kikubwa chekundu katikati, unaona kabisa bundi anakutolea macho. Ndo seli ya Reed-Sternberg, Sternberg aliielezea 1898, Reed 1902. Ila macho tu hayatoshi, maana hata virusi vya EBV vikimshika kijana vinaweza kuleta seli za kufanana, na pembeni mwa hii limfoma unaweza kukuta granuloma, vifungu vya seli za kinga kama vya TB, ukaapa ni TB. Nikapiga rangi maalumu za kutafuta alama za protini kwenye seli: CD30 na CD15 zikawaka, CD45 kimya. Basi, ni Hodgkin.

Kwenye kikao cha kesi likaja suala la hatua, yaani ugonjwa umefika wapi. Sitiskani ilionyesha tezi shingoni na katikati ya kifua, chini ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo hamna kitu, wengu na ini safi. Maeneo mawili, yote juu ya kiwambo, hiyo ni hatua ya II. Ingevuka kiwambo ingekuwa III, ingesambaa kwenye ini au uboho ni IV. Halafu kuna herufi. Homa ya kupita 38, jasho la kulowanisha, au kupungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito ndani ya miezi sita, kimojawapo tu kinatosha kupewa B. Dogo alikuwa na vyote vitatu (kilo 8 kati ya 62 ni kama asilimia 13), kwahiyo IIB.

Mama yake kaniuliza, "Dokta, kumbe jasho nalo mnalihesabu?" Nikamwambia ndio mama, ndo maana dawa za mwanao haziwi sawa na za mwenye IIA, asiye na hata dalili moja ya hizo. Wakaanza ABVD, mchanganyiko wa dawa nne za saratani, dripu kila wiki mbili.