Heri ya kuzaliwa kwa rafiki mchoraji: dhana na ukweli

Dhana: ukimwandikia "una kipaji cha ajabu, Mungu azidi kukuinua", umeshamsifu.

Ukweli: umemwombea dua, na dua ni njema, ila hujaigusa kazi yake. Ujumbe huohuo ungeweza kumtumia fundi cherehani au golikipa bila kubadilisha neno.

Dhana: ukimwita "Tingatinga wa leo", umempa sifa ya juu kuliko zote.

Ukweli: tuseme rafiki yako huchora kwa mtindo huo jijini Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 na akafariki 1972. Tangu hapo mtindo wake umefuatwa na wachoraji wengi mno, na madukani picha zao huning'inia ubavu kwa ubavu. Mtu wa namna hiyo anachotamani kusikia ni pale mkono wake unapotofautiana na wa jirani.

Dhana: bila kusomea sanaa, huwezi kusifu kwa undani.

Ukweli: macho yanatosha, mradi uitazame picha moja kwa utulivu. Chukua picha ya kanga wawili, ndege wenye madoa. Rangi inayotumika ni ile ya mafuta inayong'aa, ya kupaka milango. Inachelewa kukauka, na mchoraji akiweka madoa kabla mandhari ya nyuma hayajakauka, yanasambaa na kuchafuka. Rangi ikiwa nyepesi mno doa linachuruzika. Ikiwa nzito mno linaburuta mkia. Kwa hiyo doa la mviringo safi limebeba subira ya mtu, nawe unaliona bila kujua istilahi hata moja. Tena usijitie ufundi wa kuazima maneno, atakugundua mara moja.

Basi mwandikie hivi:

"Heri ya siku ya kuzaliwa, kaka. Jana nilirudi kuitazama ile picha ya kanga. Madoa ya mgongoni ni makubwa, halafu yanapungua kuelekea shingoni mpaka yanakuwa kama vumbi, ndiyo maana yule ndege anaonekana mnene wakati hukuweka kivuli popote. Na sikuona hata doa moja lililochuruzika. Ila aliyenishika ni yule wa pili, aliyegeuza kichwa kama kasikia mtu mlangoni. Wengine wangewachora wote wawili wakitazamana."

Hapo kuna picha moja tu. Ukimtajia kumi atajua umepitia simu yake haraka haraka. Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu inasifu uamuzi wake, na uamuzi ndio watu husahau kuusifu. Wanaishia kwenye rangi.

Dhana ya mwisho, nayo imeenea kweli: eti kumalizia na "nami nichoree moja basi" ni kumpa moyo. Hilo ni ombi la kazi ya bure. Kama unaitaka picha, muulize bei wiki ijayo.