Bayomimikri: kuazima kanuni ya kiumbe, si sura yake

Bayomimikri ni kuchunguza namna mmea au mnyama anavyolitatua tatizo fulani, kisha kuitumia kanuni hiyohiyo kutengeneza bidhaa. Neno la kushika hapo ni kanuni. Taa iliyochongwa kwa umbo la kipepeo ni pambo tu. Haijaazima kitu mpaka ijulikane bawa la kipepeo linafanya nini na linakifanyaje.

Kwa hiyo kazi huanza na kitenzi, si na jina la bidhaa. Ukijiuliza utengeneze rangi gani mpya ya ukuta, utaishia kuzizungukia rangi zilizoko dukani. Jiulize badala yake: uso unaokaa nje, juani na vumbini, unawezaje kubaki safi bila kusuguliwa? Swali hili lina majibu shambani. Jani la magimbi (nduma, kwa Wakenya) huota karibu kabisa na tope na bado huwa safi, na maji yakilidondokea hujikunja kuwa matone ya mviringo yanayobingirika hadi chini.

Aliyelifuatilia jambo hili kwa kina ni Wilhelm Barthlott, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani. Alipokuwa akiyakagua majani kwa hadubini ya elektroni miaka ya 1970, aliona kwamba majani laini ndiyo yaliyokuwa na uchafu, ilhali yenye uso wa mikwaruzo yalikuwa safi. Mtu angetarajia kinyume chake. Jani la lotasi, mmea wa majini, na la magimbi vilevile, limejaa vinundu vya ukubwa wa takriban mikroni 10 hadi 20, yaani elfu za milimita, na juu ya vinundu hivyo kuna chembe za nta ndogo zaidi. Tone la maji hukaa juu ya ncha, na chini yake hubaki hewa. Vumbi nalo limegusa ncha chache tu, hivyo tone likipita hulibeba. Nta peke yake haitoshi: kwenye nta isiyo na vinundu tone huteleza na kuliacha vumbi nyuma.

Sasa iandike kanuni bila kulitaja jani: uso usiopenda maji, wenye mikwaruzo ya ukubwa wa aina mbili, hushikilia hewa chini ya tone. Sentensi ya namna hiyo inaweza kuhamia kwenye rangi, kigae, kitambaa au kioo. Mwaka 1999 kampuni ya Sto ya Ujerumani ilianza kuuza rangi ya kuta za nje iitwayo Lotusan, iliyotokana na kanuni hii.

Sampuli ya uso uliotengeneza ijaribu hivi. Chukua ubao wa sentimita 30, inua ncha yake moja kwa sentimita 5. Hapo mwinamo haufiki nyuzi 10. Bandika sampuli juu yake, nyunyiza masizi au vumbi laini, kisha dondosha maji. Tone libingirike na liache njia safi. Likiganda pale lilipo, au likiteleza na kuacha masizi nyuma, umepata uso unaokataa maji tu, haujisafishi.

Rudia jaribio kwa maji yenye sabuni, kwa sababu hapo ndipo mawazo mengi hufia. Sabuni hulegeza mvuto wa uso wa maji, nayo yakaingia katikati ya vinundu na kuifukuza hewa. Mafuta ya kupikia hufanya vivyo hivyo. Mvuke huleta tatizo jingine: matone huzaliwa ndani ya nafasi zenyewe, hayatui juu. Kusugua nako huvunja vinundu, na jani hai huweza kuotesha nta upya ilhali rangi haiwezi. Basi wazo hili linafaa ukuta unaonyeshewa mvua. Kwa ukuta wa jikoni halifai, na kwa paneli ya sola pasipo mvua halitasaidia sana, maana bila tone hakuna wa kubeba vumbi.

Jikoni, libadilishe swali: kitu kizito chenye mafuta kitatelezaje bila kuacha masalia? Kiumbe wa kuangalia hapa ni nepenthesi, mmea unaokula wadudu, ambao una spishi Madagaska na Shelisheli. Ukingo wa jani lake lenye umbo la mtungi hushikilia utando wa maji, na mdudu akiukanyaga huteleza na kutumbukia. Mwaka 2011 timu ya Joanna Aizenberg, Chuo Kikuu cha Harvard, ilionyesha uso wenye vitundu vilivyoloweshwa kilainishi, yaani kimiminika cha kutelezesha, ambao hata mafuta huteleza juu yake. Ukilihamishia wazo hilo kwenye chupa ya tomato sosi au ndoo ya mtindi, jipya la kulichunga ni kilainishi chenyewe: lazima kiwe kitu kinacholika, kisichanganyike na chakula, na kipimwe kinapungua kiasi gani kila chombo kinapomiminwa.