Koma ndiyo inapangwa, si namba ya mwisho

"Minaandika beyi moja chini ya ingine, namba za mwisho zote zinaangaliana kuume kama tulivyofundishwa. Mbona jumla haiingii?"

Ile mafundisho ilikuwa ya namba nzima. Pale koma imejificha kuume kabisa, kwa hiyo ukipanga mwisho unakuwa umepanga koma bila kujua. Kwa beyi za dola ni tofauti, tuseme umetoka soko ya Kadutu na mafuta 12,5, sukari 3,75 na unga 8. Ukizisukuma zote kuume, ile 5 ya 12,5, ambayo ni senti 50, inaangukia juu ya ile 5 ya 3,75 ambayo ni senti 5 tu, na chini yao inakaa 8 ambayo ni dola nzima! Unajumlisha 5+5+8, unaendelea, unapata 508, unaweka koma, 5,08. Lakini mafuta peke yake ni 12,5, jumla haiwezi kuwa ndogo kuliko kitu kimoja.

Mi naandika koma kwanza, zote kwa mstari mmoja kushuka chini, kisha najaza sifuri:

```
 12,50
  3,75
  8,00
------
 24,25
```

Sifuri za mwisho haziongeze kitu, 12,5 na 12,50 ni feza ileile. Na 8 bila koma, koma yake iko nyuma yake, usiiweke mbele ikageuka senti 80. Senti: 50+75 ni 125, andika 25, dola 1 inapanda kwa 12+3+8.