Maumivu mapya ya kichwa baada ya miaka 50

Watu wengi wenye kipandauso walianza kukiugua wakiwa vijana, na maumivu ya kichwa yanayotokana na msongo au uchovu nayo huanza mapema. Kwa hiyo mtu aliyefika miaka 60 bila shida ya kichwa, kisha kikaanza kumuuma kila siku, humfanya daktari atafute kilichofichika nyuma ya maumivu hayo. Mara nyingi chanzo si kikubwa. Lakini magonjwa yanayojionyesha kwa kuumwa kichwa huongezeka kadiri umri unavyosonga: uvimbe kwenye ubongo, presha ya jicho iliyopanda ghafla, damu iliyovuja taratibu ndani ya fuvu wiki kadhaa baada ya kujigonga.

“Mapya” hapa hayamaanishi tu maumivu ya mara ya kwanza maishani. Aliyeishi na kipandauso miaka 30, kisha maumivu yakabadilika mahali, namna au ukali, naye ana maumivu mapya. Watu hawa ndio huchelewa zaidi, kwa sababu wao wenyewe na hata wahudumu huona ni ugonjwa ule ule wa zamani.

Kati ya visababishi vyote, kuna kimoja ambacho karibu hakiwapati kabisa walio chini ya miaka 50, nacho ni uvimbe wa kuta za ateri zinazopeleka damu kichwani, hasa ile ipitayo kwenye panja. Kinga ya mwili hushambulia ukuta wa mshipa, ukuta unanenepa, na njia ya damu inabana. Huwapata zaidi wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, na wanawake kuliko wanaume. Si ugonjwa wa kila siku, ila ukipuuzwa unaweza kumpofusha mtu.

Chukua mfano wa mama wa miaka 71. Kwa wiki tatu panja lake la kulia linauma, na dawa za kutuliza maumivu hazimsaidii sana. Akichana nywele, ngozi ya kichwa inauma. Akitafuna nyama, baada ya dakika moja au mbili taya linachoka na kuuma, akipumzika linatulia. Hii ya taya ndiyo dalili ambayo mimi ningeiulizia kwanza, kwa kuwa wagonjwa hawaitaji wenyewe. Hudhani ni meno, na wengine huishia kung’olewa jino zima bure. Misuli ya kutafuna inapofanya kazi huhitaji damu zaidi, na ateri iliyobana haiwezi kuifikisha. Asubuhi mabega yake yamekakamaa, na amepungua uzito bila kukusudia. Juzi jicho la kulia liliingia giza kwa dakika chache, kisha likaona tena.

Giza hilo la muda ni onyo. Mishipa midogo inayolisha neva ya jicho nayo imeathirika, na ikiziba kabisa, uwezo wa kuona uliopotea kwa kawaida haurudi. Jicho la pili linaweza kufuata ndani ya siku au wiki chache.

Daktari atapapasa panja: ateri inaweza kuwa ngumu, yenye maumivu, au isiyodunda. Atapima damu kuona kama kuna uvimbe wa aina hii mwilini, vipimo vinavyoandikwa ESR na CRP kwenye karatasi ya maabara. Mara nyingi hupanda sana, lakini si lazima, na majibu ya kawaida hayatoshi kumruhusu mama huyu arudi nyumbani hivi hivi. Kuthibitisha, hupigwa altrasaundi ya ateri au hukatwa kipande chake kidogo kichunguzwe kwa hadubini. Nacho kipande kinaweza kudanganya, maana uvimbe huruka sehemu na kuacha nyingine nzima.

Ndiyo maana tiba haisubiri majibu. Dalili zikielekea huko, mgonjwa huanzishwa prednisoloni, dawa ya kundi la steroidi inayotuliza kinga ya mwili, siku hiyo hiyo, kwa kawaida miligramu 40 hadi 60 kwa siku, na aliyekwisha kuguswa macho anaweza kupewa dawa ya kundi hilo kwa mshipa kwanza. Dalili kwenye kipande cha ateri hazifutiki mara moja, hivyo kinaweza kukatwa hata siku kadhaa baada ya dawa kuanza. Maumivu mara nyingi hupungua ndani ya siku chache, na yasipotikisika kabisa daktari hurudi kujiuliza kama alikosea ugonjwa.

Dozi hupunguzwa taratibu, mara nyingi kwa mwaka mmoja au zaidi, huku sukari, presha na mifupa vikifuatiliwa, kwani dawa hii huvigusa vyote. Si dawa ya kujinunulia ukajaribu, wala ya kuacha ghafla kwa sababu kichwa kimepoa. Na mwenye maumivu mapya ya kichwa akipoteza kuona, hata kwa dakika moja tu, aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje miadi.